Somo: Kulainisha choo kwa anayesafishwa damu, bila dafu wala papai

Mtu akifunga choo huku kwetu Kusini, dawa ya kwanza iko uani: dafu, papai bivu, maji ya ukwaju. Kwa mwenye figo nzima hakuna ubaya. Kwa anayesafishwa damu kwa mashine, dawa hizo tatu zimejaa potasiamu, madini ambayo figo zake haziwezi tena kuyatoa na yakizidi huvuruga mapigo ya moyo.

Lakini kumwacha bila choo nako ni hatari. Figo zikiwa nzima hutoa karibu asilimia 90 ya potasiamu, utumbo humalizia. Figo zikishindwa, utumbo huongeza juhudi na huweza kutoa robo au zaidi. Kwa hiyo choo kilichokaa tumboni siku tatu ni potasiamu iliyokosa mlango.

Tuchukue mfano. Mzee mmoja wa Mikindani anasafishwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa asubuhi. Kliniki imempangia vinywaji visivyozidi lita 1 kwa siku na potasiamu isiyozidi miligramu 2,000. Jumamosi hakupata choo, Jumapili vilevile. Jioni wanamkatia dafu la mililita 400, ambalo lina takriban miligramu 1,000 za potasiamu. Wanaongeza nusu papai, gramu 400 za nyama yake, miligramu 700 na ushee. Tayari ni 1,700, na wali na samaki havijahesabiwa. Tena ni Jumapili, mwisho wa pengo refu kuliko yote ya wiki, damu ikiwa imeshalimbikiza ya siku mbili.

Hatua ya 1: Tafuta kinachofunga. Mwagieni dawa zake zote mezani. Vidonge vya kalsiamu kaboneti anavyotafuna na chakula ili kuzuia fosforasi hufunga choo. Vya madini ya chuma pia. Unga wa kupunguza potasiamu, ule unaokorogwa na maji, hufunga zaidi, na ukikwama kwenye utumbo usiotembea unaweza kuujeruhi. Msiache dawa yoyote wenyewe. Andikeni majina na siku ambazo choo kilikosekana, mpeleke karatasi kwa daktari, maana mara nyingi kubadili dozi au aina kunatosha.

Hatua ya 2: Mpe nyuzinyuzi, mwage potasiamu. Hapa ndipo penye faida kubwa. Potasiamu huyeyuka kwenye maji, nyuzinyuzi hubaki kwenye jani. Chukua robo ya kabichi ndogo, ikate nyembamba kama ya kachumbari, uitie kwenye sufuria yenye lita 2 za maji yanayochemka. Iache dakika 10 hivi, imwage kwenye chujio, uikamue kwa mwiko. Maji hayo hayapikiwi mchuzi wala hayanywewi. Ndipo ukaange kitunguu, uirudishe kabichi, umalizie kwa vijiko viwili vya tui. Bilinganya lililomenywa linafaa kwa njia hiyohiyo.

Kosa linaloonekana sana ni kuchemsha kwa maji kidogo hadi yakauke. Potasiamu yote inarudi kwenye mboga. Mlenda nao una shida hiyo, kwa sababu maji yake ndiyo mboga yenyewe, na magadi yanayotiwa ni chumvi ya sodiamu inayoleta kiu.

Tunda liwe moja kwa siku: nusu kikombe cha nanasi lililokatwa, kama miligramu 90, au tufaha dogo na ganda lake.

Hatua ya 3: Usiongeze maji, yapange. "Kunywa maji mengi" si ushauri wake. Katika ile lita 1, tenga mililita 150 za uvuguvugu azinywe na kifungua kinywa. Utumbo huamka baada ya kula, basi dakika 20 hivi baadaye aende chooni hata kama hajabanwa. Kwenye choo cha kukaa, awekewe kigoda chini ya miguu ili magoti yapande juu ya nyonga. Asijikamue, kwani dawa ya kuzuia damu kuganda inayotumika kwenye mashine huweza kuongeza damu ya bawasiri.

Hatua ya 4: Dawa, kwa kuhesabu siku. Daktari mara nyingi huanza na laktulozi, mililita 15 mara moja au mbili kwa siku. Huchukua hadi siku mbili kufanya kazi, na gesi kidogo ni kawaida. Kwa yule mzee, ukianza Jumapili umechelewa. Anapaswa kuwa ameanza Alhamisi, ili Jumamosi apate choo. Lengo ni choo laini mara moja au mbili kwa siku. Kikiwa maji, dozi ipunguzwe.

Ikihitajika kusukuma, kuna bisakodili ya miligramu 5 usiku, ambayo hufanya kazi baada ya saa 6 hadi 12. Asimeze usiku wa kuamkia mashine, la sivyo tumbo litamsokota akiwa amefungwa mipira kwa saa nne. Kidonge kimezwe kizima, kisikaribiane na maziwa wala kalsiamu kaboneti kwa saa nzima, kwa sababu hivyo huvua ganda lake mapema na kuchoma tumbo.

Visivyoingia nyumbani kabisa ni chumvi ya haluli, maziwa ya magnesia na enema ya fosfeti. Magnesiamu na fosfeti vitabaki mwilini. Magnesiamu ikizidi mgonjwa hulegea, shinikizo la damu hushuka na pumzi hudhoofu.

Maswali ya wanachama

*Mama wa Masasi:* Shikamooni. Duka la dawa wamenipa maganda ya ispaghula, nimpe mume wangu?

*Jibu:* Marahaba mama. Kila dozi inataka glasi nzima ya maji. Bila maji huvimba na kuziba njia. Kwa mwenye lita 1 kwa siku tunashauri msubiri, mwulizeni kwanza daktari wake.

*Kijana wa Kilwa:* Baba anakula sembe tupu. Tumpe dona?

*Jibu:* Dona lina nyuzinyuzi zaidi, lakini potasiamu yake ni karibu maradufu ya sembe, na fosforasi nayo iko juu. Kama kipimo cha potasiamu kabla ya mashine kiko sawa, changanyeni nusu kwa nusu, mlo mmoja kwa siku, kisha angalieni kipimo kinachofuata. Kama tayari kiko juu, bakini na sembe na kabichi.

*Dada wa Lindi:* Kwa hiyo papai ndiyo basi?

*Jibu:* Kipande cha gramu 100, ukubwa wa nusu kiganja, kina kama miligramu 180. Kliniki ikiruhusu, kinachukua nafasi ya tunda la siku, hakiongezwi juu yake. Ukwaju, tende na dafu tungeviacha.

*Mjukuu wa Newala:* Bibi ana siku nne bila choo, tumbo limejaa, leo ametapika na miguu haina nguvu. Tumpe laktulozi?

*Jibu:* Hapana, msimpe kitu kwa mdomo. Kutapika na tumbo kujaa vinaweza kuwa utumbo umeziba, na miguu kuishiwa nguvu inaweza kuwa potasiamu. Mpelekeni hospitali sasa hivi, msisubiri zamu ya mashine. Mkifika mapokezi semeni mapema kwamba anasafishwa damu na lini alisafishwa mara ya mwisho, ili wapime moyo na potasiamu kwanza, na asipewe enema ya fosfeti.