Mashine ni moja, oda ni nyingi: pima faida kwa saa

Kama mashine ya kudarizi ndiyo inayokwamisha kazi zako, usipange oda kwa kutazama faida ya kila kipande. Toa kwenye bei gharama za kipande chenyewe tu (kitambaa, uzi, ujira wa kipande), kisha gawa kwa saa za mashine. Kodi ya fremu usiitoe, utailipa vyovyote vile.

Kanzu moja ikikuachia shilingi 24,000 kwa saa 2, ni 12,000 kwa saa. Nembo ya sweta la shule huacha 3,000 tu, lakini kwa dakika 10, yaani 18,000 kwa saa. Siku ya saa 8 yenye oda ya nembo 24, anza nazo (saa 4), halafu kanzu 2: jumla 120,000. Kanzu 4 pekee zingekupa 96,000.

Dakika za kubana kitambaa kwenye fremu ya mashine na kubadilisha nyuzi zihesabu pia. Nembo chache zenye rangi tofauti tofauti huweza kugeuza mpangilio wote. Na mashine ikianza kukaa bila kazi huku kanzu zikirundikana kwa fundi wa kumalizia, gawa kwa saa zake yeye.