Mwaka wa mafunzo kazini Uingereza: jinsi ya kuupata ukiwa na viza ya mwanafunzi

Uingereza kuna shahada za miaka minne ambazo mwaka wa tatu mwanafunzi huutumia kiwandani au ofisini, analipwa mshahara, kisha anarudi darasani kumalizia. Bath, Loughborough, Surrey na Aston ni baadhi ya vyuo vinavyojulikana kwa utaratibu huu. Usiufananishe na fildi ya wiki chache tuliyoizoea Tanzania. Hapa unaajiriwa kwa miezi 9 hadi 12, na kazi unaitafuta mwenyewe. Nimewasaidia wanafunzi wa kutoka nje kwa miaka kadhaa, na wengi niliowaona wakikosa nafasi walikwamishwa na makaratasi.

Hatua ya 1: Chagua kozi yenye mwaka huo tangu mwanzo

Unapoomba chuo kupitia UCAS, mfumo wa pamoja wa maombi ya vyuo vya huko, tafuta kozi yenye maneno `with Placement Year`. Kabla ya kulipa chochote, kiulize chuo kama CAS yako, yaani uthibitisho wa udahili unaotumia kuombea viza, itakuwa ya miaka minne. Ukiingia kwa miaka mitatu kisha ukaongeza mwaka wa kazi, itabidi uombe viza upya, na gharama zake utalipa tena, ikiwemo tozo ya afya ambayo kwa mwanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka.

Hatua ya 2: Anza kuomba Septemba ya mwaka wa pili

Kampuni kubwa hufungua maombi mapema, na nyingi hufunga tangazo mara nafasi zinapojaa, hata kama tarehe ya mwisho bado. Anza na hizo kati ya Septemba na Desemba. Kampuni ndogo hutangaza zaidi kuanzia Januari. Wahandisi na watu wa kompyuta watazame tovuti ya Gradcracker. Wengine waanzie tovuti ya Prospects. Kampuni za silaha na ulinzi mara nyingi hudai uwe umeishi Uingereza kwa miaka kadhaa, basi soma sharti hilo kwanza kabla hujapoteza jioni nzima kwenye fomu.

Hatua ya 3: Jibu vizuri swali la udhamini

Hapa ndipo penye kazi. Mwanafunzi mmoja wa uhandisi wa mitambo, mtu wa Mwanza, alinijia Desemba akiwa ameomba nafasi 31. Karibu zote zilikataliwa ndani ya saa chache, hata kabla ya kupewa mtihani wa mtandaoni. Kukataliwa haraka namna hiyo kwa kawaida kunatokana na jibu fulani kwenye fomu, maana hakuna aliyepata muda wa kusoma wasifu wako. Tulifungua fomu zake pamoja. Kila palipoulizwa kama anahitaji mwajiri amdhamini kwa viza, alikuwa amejibu ndiyo.

Mdhamini wako kwa mwaka huo ni chuo. Mwajiri hahitaji leseni ya udhamini wala halipii viza. Saa 20 kwa wiki unazoruhusiwa kufanya kazi wakati wa muhula hazihusiki na mafunzo haya, mradi ni sehemu ya shahada inayotahiniwa na hayazidi nusu ya muda wa kozi. Kwa hiyo swali likihusu nafasi hii peke yake, jibu ni hapana. Likiuliza pia kuhusu siku za baadaye, sema ukweli, kisha mpigie simu afisa ajira umweleze. Usidanganye, kwa sababu hati zako zitakaguliwa.

Omba chuo barua inayotaja kozi yako, tarehe za mafunzo, na kwamba ni sehemu ya shahada. Yule wa Mwanza aliibeba barua hiyo kwenye kila usaili. Mwezi Machi alipata kazi kwenye kiwanda cha pampu.

Hatua ya 4: Soma mkataba

Sheria ya kima cha chini cha mshahara haimlindi mwanafunzi aliye kwenye mafunzo ya kozi yasiyozidi mwaka mmoja, kwa hiyo mwajiri anaweza kisheria asikulipe kitu. Hakikisha mshahara umeandikwa. Pauni 22,000 kwa mwaka, baada ya makato ya kodi na bima ya taifa, hubaki kama pauni 1,600 kwa mwezi. Chuo nacho hutoza ada mwaka huo, kwa kawaida pungufu. Pata kiasi chake kwa maandishi. Mkataba uwe wa ajira, wenye tarehe ya kuanza na ya kumaliza. Ukitakiwa kutoa ankara kama mtu aliyejiajiri, kataa, maana viza ya mwanafunzi hairuhusu.

Mwajiri atakuomba `share code`, msimbo unaoutoa kwenye tovuti ya serikali, ili athibitishe haki yako ya kufanya kazi. Ukurasa atakaoufungua unaweza kumwonyesha kikomo cha saa 20, naye akashtuka. Mtumie barua ya chuo siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Kijulishe chuo kila badiliko

Chuo kinatakiwa kuijulisha idara ya uhamiaji mahali unapofanyia kazi. Ukihamishwa tawi, au kazi ikiisha kabla ya wakati, waambie mara moja. Ukikosa nafasi kabisa, chuo hukurudisha kwenye kozi ya miaka mitatu na viza yako inaweza kufupishwa, kwa hiyo kabla ya kusaini kodi ya nyumba ya mwaka wa tatu, uliza siku ya mwisho ambayo chuo kitakubali mkataba wa kazi.