Paka wako anakohoa, au anatapika manyoya? Namna ya kujua

Jirani yangu hapa Mombasa alidhani paka wake anataka kutapika donge la manyoya aliyojilamba, akampa dawa ya kulilainisha kwa miezi miwili. Hakuna donge hata moja lililotoka. Nilipokwenda kumsaidia, tulifanya hivi.

1. Mrekodi kwa simu. Usimshike wala kumwita. Rekodi tangu anapoanza mpaka anapomaliza.

2. Tazama mwanzo wa video. Hapa ndipo tulipopotea. Anayetaka kutoa manyoya hujikamua tumboni: mbavu na tumbo hujikaza kwa mawimbi, mdomo hufunguka, kisha hutoka donge refu kama kidole, au maji maji. Anayekohoa, kwa mfano mwenye pumu, huchuchumaa, hunyoosha shingo mbele karibu na sakafu, na sauti kavu hutoka kifuani. Mara nyingi humalizia kwa kumeza, halafu huendelea na shughuli zake.

Tatizo ni kwamba kikohozi kikali kinaweza kuishia kwa povu jeupe kidogo. Jirani alikuwa akiliona povu hilo na kusema, "Si unaona, katapika." Nami nilikubali. Tuliporudisha video mwanzo ndipo tukaona: shingo ilinyooka na kikohozi kikapiga mara sita kabla ya povu, na tumbo halikujikamua hata mara moja. Usihukumu kwa kilichotoka. Hukumu kwa jinsi mwili ulivyoanza.

3. Hesabu pumzi akiwa usingizini. Kifua kupanda na kushuka ni pumzi moja. Kwa kawaida hazizidi 30 kwa dakika. Usihesabu akiwa ananguruma kwa raha au anaota. Wa jirani alipata 38, 36, kisha 41. Akipumua mdomo wazi au fizi zikigeuka buluu, acha kuhesabu, mkimbize kwa daktari wa mifugo.

4. Mwoneshe daktari video. Eksirei inaweza kutoka safi na paka akawa na pumu. Kama anawinda, omba pia kinyesi kitafutwe mabuu ya minyoo ya mapafu, maana kikohozi chake hufanana sana na cha pumu na dawa yake ni nyingine. Kipimo cha kawaida cha kinyesi huweza kuyakosa, kwa hiyo taja mabuu waziwazi.

5. Dawa. Kwa kawaida daktari huanza na vidonge vya prednisoloni, kisha huvipunguza polepole. Kwa muda mrefu mimi napendelea flutikazoni ya kuvuta kupitia kopo lenye barakoa, paka avute pumzi 7 hadi 10, kwa sababu vidonge vikiendelea sana vinaweza kuleta kisukari. Ila ya kuvuta huchukua kama wiki mbili kushika, hivyo usikatishe vidonge mapema. Usimpe kamwe parasetamoli: huua paka.

6. Ondoa moshi. Sigara, udi, dawa ya mbu ya kuwasha. Jirani alikuwa akifukiza udi kila jioni katika chumba alicholala paka. Sasa anafukizia uani, na wiki iliyopita tulihesabu pumzi 24.