Kabla hujaitafuta x: mambo ya kuzingatia kwenye hesabu za moli za titresheni

Wewe unayejiandaa na Kemia ya Kidato cha Nne na umekaa na mitihani ya miaka iliyopita, chukua swali moja la titresheni tuende nalo hadi mwisho. Nimelichagua kwa sababu sura yake inajirudia sana, na kwa sababu nimeona wanafunzi wanaojua kemia vizuri wakiliacha na alama nusu.

Swali letu ni hili. Gramu 7.15 za sodiamu kaboneti yenye maji ya fuwele, Na₂CO₃·xH₂O, zimeyeyushwa kwenye maji na kufanywa myeyusho wa 250 cm³. Kila 25.0 cm³ za myeyusho huo zilihitaji 24.80 cm³ za HCl ya 0.200 mol/dm³, kiashiria kikiwa methili orenji. Tafuta x.

Kabla ya kugusa kikokotoo, soma masi za atomi zilizotolewa kwenye karatasi ya mtihani na uzitumie hizo hizo. Hapa tuna H = 1, C = 12, O = 16, Na = 23. Usilete 22.99 uliyoikariri kwingine.

Andika mlinganyo uliosawazishwa, hata kama swali halijauomba:

Na₂CO₃ + 2HCl → 2NaCl + H₂O + CO₂

Uwiano wa HCl kwa kaboneti ni 2 kwa 1, na unauchukua kwenye mlinganyo, si kichwani. Tazama na kiashiria. Kwa methili orenji kaboneti inamalizwa yote, ndiyo maana tunatumia uwiano huo. Ingekuwa fenoftaleni, rangi ingepotea kaboneti ikiwa imefika kwenye NaHCO₃ tu, na uwiano ungekuwa 1 kwa 1. Neno moja la kiashiria linaweza kubadilisha swali zima, kwa hiyo lipigie mstari.

Badili cm³ kuwa dm³ kabla ya kuzidisha, kwa sababu ukolezi umetolewa kwa dm³. Yaani 24.80 cm³ ni 0.02480 dm³. Kisha andika kipimo kwenye kila mstari, usisubiri jibu la mwisho:

Moli za HCl = 0.200 mol/dm³ × 0.02480 dm³ = 0.00496 mol

Ukiona dm³ ya juu imekatana na dm³ ya chini na imebaki mol peke yake, umepita salama. Ukibaki na kitu kingine chochote, simama hapo hapo, maana hesabu imeshaharibika.

Moli za kaboneti kwenye 25.0 cm³ ni nusu yake, 0.00248 mol. Kwenye 250 cm³ ni mara kumi, 0.0248 mol. Usiisahau hiyo mara kumi. Ukiisahau, masi ya moli itakuwa karibu 2883 g/mol na x itapita 150, hivyo kosa hilo angalau linajitangaza lenyewe.

Sasa lipo kosa lisilojitangaza, na hili nataka ulisome taratibu.

Kwenye mtihani wa moko wa shule moja niliyokuwa nasaidia kusahihisha, swali la sura hii lilimpata binti mmoja hodari. Mlinganyo wake ulikuwa sahihi, uwiano sahihi, vipimo vimekaa mahali pake. Lakini alikuwa amezoea kukadiria kila kitu kwa nafasi tatu za desimali, kama alivyozoea kwenye maswali mengine ya hesabu. Alipofika kwenye 0.00248 akaandika 0.002, akazidisha kwa kumi akapata 0.02, na akaendelea:

Masi ya moli = 7.15 g ÷ 0.02 mol = 357.5 g/mol

Akatoa 106 za Na₂CO₃, akabaki na 251.5. Akagawa kwa 18, akapata 13.97. Akaandika x = 14 na kupigia mistari miwili. Alikuwa na uhakika kabisa, kwa sababu jibu lilikuja karibu na namba nzima, na x inatakiwa kuwa namba nzima. Alipoiona karatasi yake alilia, na sikumlaumu. Hakuna aliyekuwa amemwambia kwamba nafasi tatu za desimali na tarakimu tatu muhimu ni vitu viwili tofauti.

Sifuri zinazotangulia hazihesabiwi. Kwenye 0.00248 tarakimu muhimu ni 2, 4 na 8. Ukiandika 0.002 umebaki na moja tu, na umetupa karibu asilimia 20 ya kipimo chako katikati ya njia. Ukiona sifuri zinakuchanganya, andika 2.48 × 10⁻³ mol; hapo tarakimu zako zinaonekana wazi.

Hesabu yenyewe inakwenda hivi:

Masi ya moli = 7.15 g ÷ 0.0248 mol = 288.3 g/mol
Masi ya maji = 288.3 − 106 = 182.3 g/mol
x = 182.3 ÷ 18 = 10.1, yaani 10

Ukadiriaji ufanye mara moja, mwishoni. Katikati acha kikokotoo kishike namba nzima, na kwenye karatasi andika tarakimu tatu au nne. Data zetu 7.15 na 0.200 zina tarakimu tatu, kwa hiyo swali likiomba masi ya moli, 288 g/mol inatosha. Kuandika 288.306 ni kudai usahihi ambao mizani haikukupa. Na x haina kipimo. Usiiwekee gramu wala moli.

Usiamini jibu eti kwa sababu ni namba nzima. Aliyesahau uwiano wa 2 kwa 1 atapata moli 0.0496, masi ya moli 144, na x = 2. Nayo ni namba safi, nayo si sahihi. Njia ya kujua ni kurudi nyuma kutoka kwenye x hadi kwenye bureti, ukianzia upya kwenye mlinganyo. Kwa x = 14, masi ya moli ni 358; gramu 7.15 ni moli 0.0200, ndani ya 25.0 cm³ kuna 0.00200, HCl inayohitajika ni 0.00400, sawa na cm³ 20.0. Bureti ilisoma 24.80, kwa hiyo 14 inaanguka. Kwa x = 2 ungehitaji zaidi ya cm³ 50, kuliko bureti ya kawaida inavyobeba. Kwa x = 10 unapata cm³ 25.0, karibu kabisa na tulichopimiwa. Ni kazi ya dakika mbili, ifanye.

Kwenye karatasi ya vitendo, bureti isome kwa desimali mbili na uendelee hivyo jedwali zima: 24.80, si 24.8 mstari huu na 24.80 mstari ule. Wastani uchukue wa usomaji unaokaribiana, na usomaji wa majaribio uuache nje.

Swali likiwa na gesi, angalia hali waliyokupa kabla ya kuchagua ujazo wa moli: 22.4 dm³ kwa joto na mgandamizo sanifu, 24 dm³ kwa joto la chumba. Wakitaja masi za vitu viwili vinavyomenyuka pamoja, tafuta kwanza kipi kinakwisha mapema. Wakisema sampuli si safi, usitumie gramu zote. Na popote palipoandikwa “kwa tarakimu tatu muhimu”, zungushia kalamu kabla hujaanza, kwa sababu ukishafurahia jibu hutarudi kulisoma swali.