Kuagana kivukoni Likoni: namna ya kuliandika upya tukio lililosimuliwa kwa haraka

Kijana wa jirani yangu hapa Kibokoni aliniletea hadithi yake wiki iliyopita. Ni hadithi nzuri, ila pahali panapotakiwa kuuma palikuwa pamepitwa mbio. Aya yenyewe ndiyo hii:

"Salim alimsindikiza mamake hadi kivuko cha Likoni. Kulikuwa na watu wengi na kelele nyingi. Mama alikuwa na wasiwasi sana kwa sababu kesho yake Salim alikuwa anasafiri kwenda Uarabuni kufanya kazi. Alimpa zawadi, wakaagana kwa huzuni, kisha mama akapanda feri."

Maneno 39, na hakuna hata moja lenye kosa. Lakini ukimaliza kuisoma hujamwona mama. Tuliifanyia kazi jioni tatu, na hizi ndizo hatua tulizopitia.

Hatua ya 1: Inakili kwa mkono

Chukua karatasi na kalamu, acha mstari mmoja wazi kati ya kila mistari miwili. Usifanye kazi hii kwenye simu. Kioo cha simu kinakuonyesha sentensi chache tu kwa wakati, na tukio lahitaji kuonekana lote.

Hatua ya 2: Pigia mstari maneno yanayotoa hukumu

Hapa ni: wengi, nyingi, wasiwasi, sana, zawadi, huzuni. Kila moja ni hukumu ambayo mwandishi amempa msomaji bila kumwonyesha ushahidi. "Zawadi" imeingia humo kwa sababu inaficha kitu chenyewe. Zawadi gani? Kijana hakuwa amefikiria.

Hatua ya 3: Amua kitakachobaki muhtasari

Si kila sentensi inafaa kupanuliwa. Ile habari ya kusafiri kesho msomaji anahitaji kuijua tu, basi iache kama ilivyo, iwe sentensi moja mwanzoni. Kinachostahili kukaliwa ni kule kuagana.

Hatua ya 4: Mpe mhusika kazi ya mikono, ndipo utafute harufu na sauti

Hapa ndipo tulipopoteza jioni mbili, kwa kosa langu. Nilimwambia aende kivukoni na daftari, aandike kila anachokiona, anachokisikia na anachokinusa. Alirudi na kurasa nne: harufu ya dizeli na mwani, kunguru juu ya mabati, mihogo ya kuchoma, chuma cha feri kikikwaruza saruji, jasho, honi, upepo wa chumvi. Akavitia vyote. Kila sentensi ikaanza na "aliona", "alisikia", "alinusa". Kivuko kilionekana vizuri sana, lakini mama alikuwa amepotea kabisa.

Nikamuuliza, "Mwanangu, huyu mama ameshika nini?"

"Sijui, Ami. Zawadi."

Akafikiri, akasema ni achari ya ndimu, kwa sababu mamake mwenyewe huanika ndimu juu ya dari. Basi kila kitu kikaanzia hapo. Chupa ya achari huvuja mafuta. Mafuta yana rangi ya manjano. Chupa yenye kuvuja hutiwa ndani ya mfuko, mfuko hufungwa fundo, na mtu mwenye wasiwasi hulikaza fundo lililokwisha kukazwa. Hilo neno "wasiwasi" halikuhitajika tena, maana mikono ilikuwa imeshalisema.

Ukishapata kazi ya mikono, rudi kwenye daftari lako na uchuje. Kipimo ninachotumia ni hiki: funika maelezo hayo kwa kidole, usome sentensi iliyobaki. Ikiwa umepoteza pahali tu, yafute. Ikiwa umempoteza mtu, yaache. Kunguru walifutwa. Mihogo pia, ingawa kijana aliipenda sana. Umati ulibaki, kwa sababu ndio unaowatenganisha mama na mwana. Usilazimishe milango yote mitano ya fahamu. Miwili yatosha kwa aya fupi.

Kisha angalia vitenzi. Lugha yetu haina vivumishi vingi, lakini kwa vitenzi imejaaliwa. "Kubeba" mfuko kunaweza kuwa kuupakata, kuukumbatia, kuufumbata, kuutia kwapani, kuuning'iniza au kujitwika kichwani, na kila kimoja kinamchora mtu mwingine. Anayeuning'iniza hajali. Anayeukumbatia hataki kuuachia. Tafuta kitenzi sahihi kabla hujaongeza "sana" au "kwa nguvu".

Na usisahau nyakati. Mfululizo wa -ka- ("wakaagana, akapanda, akaenda") unakimbiza habari, na ndio uliofanya aya ya kwanza ipite kama gari. Unapotaka msomaji asimame, weka hali kwa -me-, tena ukitanguliza kitu chenyewe: "mfuko ameukumbatia". Picha inatulia. Lakini usiifute -ka- yote. Umati unapovamia, unaihitaji. Na -ki- zikizidi mbili katika sentensi moja, kila mtu anakuwa anafanya kila jambo kwa pamoja, na msomaji hajui atazame wapi.

Jambo moja zaidi kuhusu "aliona" na "alisikia". Mara nyingi yafute, uandike "honi ililia" badala ya "alisikia honi ikilia". Yaache tu pale ambapo kule kuona au kutoona ndiyo habari yenyewe. Utaona mfano hapa chini.

Hatua ya 5: Andika upya bila kutazama aya ya zamani

Alichoandika jioni ya tatu:

"Kesho yake Salim alikuwa anasafiri kwenda Uarabuni kufanya kazi. Leo alimsindikiza mamake hadi kivuko cha Likoni.

Mama alikaza fundo la mfuko kwa mara ya tatu. Mafuta ya achari yalikuwa yamepenya, yakaacha doa la manjano kwenye mkono wa buibui lake, naye hakuliona.

'Ndimu hizi ni za mti wetu,' alisema. 'Usizile bila wali, utaumwa na tumbo.'

'Haya, mama.'

'Na chupa usiilaze.'

Lango lilifunguliwa. Mwanamume aliyejitwika kreti ya soda akapita katikati yao, umati ukamsomba mama kuteremka kuelekea majini, mfuko bado ameukumbatia. Katikati ya mteremko aligeuka, akampa msichana aliyekuwa nyuma yake, akamwonyesha Salim kwa kidevu. Mfuko ulipanda mkono kwa mkono, juu ya vichwa. Ulipomfikia ulikuwa na joto. Salim alipapasa fundo. Lilikuwa limekazwa hata kucha haipenyi."

Hatua ya 6: Soma kwa sauti

Msomee mtu mwingine. Pale ulimi unapokwama, pana neno la ziada. Sisi tuliondoa "plastiki" baada ya "mfuko", na "kwa uchungu" baada ya "aligeuka", ambalo lilikuwa limejipenyeza lenyewe.

Tulibishana juu ya "naye hakuliona". Mimi nilitaka litoke, nikidhani ni mwandishi anayechungulia kutoka nje. Kijana akakataa. "Ami, ikiwa mama hakuliona doa, aliyeliona ni Salim. Aliliona na hakumwambia." Nikalisoma tena, nikamrudishia kalamu.