Vipindi vinne kwa Jumamosi moja

Ukiwa na tamthilia fupi ya TikTok, usirekodi kipindi kimoja kimoja. Andika vinne kwa mpigo, kisha rekodi kwa kufuata eneo, si namba ya kipindi. Tuseme wahusika ni mwenye nyumba na mpangaji anayekwepa kodi. Matukio yote ya mlangoni, ya vipindi vyote vinne, yapige asubuhi jua likiwa bado laini. Ya ndani yafuate mchana.

Kinachovurugika hapo ni mwendelezo. Mpangaji anafungua mlango akiwa na saa mkononi, akigeuka ndani hana, na watu wa kwenye maoni hawasamehi. Kwa hiyo kila mhusika awe na vazi moja la kudumu, likae kwenye mfuko wake, asilivae mtaani. Mwenye nyumba ni kanga ileile, miwani ileile, daftari la kodi kwapani. Kabla ya kuhama eneo, mpige kila mmoja picha kuanzia kichwani hadi miguuni. Nywele ndizo sumbufu zaidi. Asiyeweza kubaki na msuko uleule avae kilemba tangu kipindi cha kwanza.

Simu isimame wima, nyuso zikae juu kidogo ya katikati, kwa sababu chini hufunikwa na maelezo ya video. Jumapili hariri, Jumatatu hadi Alhamisi rusha kimoja kila siku. Ijumaa soma maoni, ndipo uandike vinne vijavyo. Mara nyingi watazamaji wenyewe ndio wanaodokeza nani amgongee mpangaji mlango wiki ijayo.