Umebaki na Connects 40: tangazo lipi uliandikie ombi, lipi ulipite

Wiki iliyopita nilikaa na mpwa wangu, mtafsiri wa Kiingereza na Kiswahili, baada ya kutuma maombi tisa ya kazi kwa siku mbili kwenye Upwork, mtandao wa kutafutia kazi za kujitegemea, bila kujibiwa hata moja. Alikuwa amebakiwa na Connects 40, zile tokeni ambazo Upwork hukukata kila unapotuma ombi. Connect moja huuzwa senti 15 za dola, kwa hiyo mkononi alikuwa na dola 6. Haya ndiyo tuliyofanya.

Hatua ya 1: Tafuta, hifadhi, usiombe

Hifadhi matangazo matano au sita yanayokufaa. Mimi hutafuta kuanzia saa kumi jioni, ndipo New York wanaingia kazini (majira yao ya baridi, saa kumi na moja). Tangazo la PDF ya kuchapa upya kwenye Word kwa malipo manono, na mteja anayetaka mhamie Telegram, lipite bila kuangalia nyuma, huo ni utapeli.

Hatua ya 2: Soma mambo ya chini ya tangazo kabla ya tangazo lenyewe

Hapa ndipo nilipopotezea wiki nzima nilipoanza. Nilikuwa nasoma maelezo ya kazi, naona inanifaa, naandika. Kumbe nusu ya kazi zile zilikuwa zimeshapata watu, matangazo tu ndiyo yalikuwa hayajafungwa.

Shuka hadi `Activity on this job`. Wengi hutazama `Proposals` wakakata tamaa wakiona `20 to 50`. Mimi namba hiyo hainitishi sana, maana wengi wao wamebandika barua ile ile. Ninayoiogopa ni `Last viewed by client`. Kama tangazo lina siku kumi na mteja alilifungua mara ya mwisho siku nane zilizopita, ombi lako halitasomwa na mtu. Halafu tazama `Interviewing`. Ikiwa anazungumza na wanne na anatafuta mmoja, umechelewa. `Hires` ikisoma 1 naye alitaka mmoja, funga ukurasa.

Sasa nenda kwa mteja mwenyewe. `Hire rate` inakuambia huajiri kwenye matangazo mangapi kati ya aliyoweka. Aliyeweka 23 akaajiri mara mbili ni mtu wa kuulizia bei. Lakini angalia usimwonee mgeni: aliyejiunga juzi, hana historia, ila `Payment method verified` ipo na maelezo yake yamenyooka, huyo mimi humwandikia ombi. Nimepata wateja wawili wazuri kwa njia hiyo. Mwisho, soma malipo aliyowahi kutoa kwa kazi zilizopita. Aliyezoea kulipa dola 4 kwa saa hatakupa 15 kwa sababu umeandika vizuri.

Tangazo lisilopita hapa usiliandikie hata ombi fupi la kujaribu bahati. Mistari miwili inakula Connects sawasawa na ukurasa mzima, na ukiliondoa ombi baadaye hazirudi.

Hatua ya 3: Linganisha yaliyobaki

Mpwa wangu alibakiwa na mawili. La kwanza, kutafsiri programu ya simu, Connects 16: mteja huajiri asilimia 9, alilifungua siku sita nyuma. La pili, kukagua manukuu ya Kiswahili ya video za afya, Connects 12: matangazo saba, ameajiri kwenye sita, maombi `5 to 10`, amelifungua saa tatu zilizopita. Moyo wake ulikuwa kwenye la kwanza kwa sababu bajeti ilikuwa kubwa. Nikamwambia, mwanangu, bajeti ya mtu asiyeajiri ni sifuri.

Hatua ya 4: Andika ombi kamili

Mteja alikuwa ameambatisha faili moja la mfano. Tukalifungua. Dakika ya kwanza tu, manukuu yalisema mtoto "apigwe risasi" akiwa na wiki sita, mahali palipotakiwa pasema achanjwe. Hilo likawa sentensi ya kwanza ya ombi: kosa liko wapi, kwa nini mzazi ataogopa, lisahihishwe vipi. Salamu ndefu na miaka ya uzoefu tukaziacha, kwa sababu mistari miwili ya mwanzo ndiyo mteja anayoiona kwenye orodha kabla hajalifungua ombi. Lilikuwa na maneno kama 130, likatuchukua dakika hamsini.

Kulipia zaidi ili ombi lipande juu (`Boost`) sikumruhusu. Kwa mwenye Connects 40 hiyo ni kula mbegu.

Mteja alimwandikia kesho yake jioni, akaomba amkagulie video moja kwa malipo kwanza. Zile Connects 28 zilizobaki bado hajazigusa, ana matangazo manne aliyoyahifadhi anayachambua.